Re: Sprinti yenye Idi, likizo na zamu ya sapoti

> "Tuko watano, sprinti wiki mbili. Ijayo ina Idi Alhamisi na Ijumaa, mmoja yuko likizo wiki hiyo hiyo, na sapoti ipo kila siku. Kawaida tunamaliza pointi 40. Tubebe ngapi?"

Salaam mkuu. Angalia kwanza hizo 40 zilipatikanaje. Kama zamu ya sapoti ilikuwepo, basi imo ndani yake tayari. Ukiikata tena unajipunja. Sisi tulikosea hapo sprinti tatu mfululizo, ikifika Jumatano ya mwisho tunazunguka kuomba kazi.

Watano kwa siku kumi ni siku 50 za kazi. Idi inakula 10, zinabaki 40. Mwenye likizo usimkate siku tano, mbili zimeshaliwa na Idi; kata tatu. Zimebaki 37, kwa hiyo 40 × 37 ÷ 50, karibu pointi 30. Mwezi ukichelewa kuandama na Idi ya pili ikaangukia Jumamosi, mnarudishiwa siku nne tu, maana wa likizo harudi.

Mimi ningebeba 26, kwa sababu wateja wakitoka sikukuu tiketi humiminika. Na kama aliye likizo ndiye pekee anayejua upande wa malipo, kadi za malipo zitoe kabisa.