Kabla ya namba, mtafute karani

"Mama, mwalimu anataka ushahidi wa takwimu kwenye insha yangu ya historia. Hili jedwali la sensa za Unguja na Pemba nilibandike zima katikati ya aya, au nitoe namba chache tu?"

Mwanangu,

Wa alaikumu salaam. Sisi huku Wete wazima, alhamdulillahi. Aya uliyonitumia nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Nilipofika pale uliposema kwamba Waarabu waliongezeka kutoka 18,884 mwaka 1924 hadi 33,401 mwaka 1931, na kwamba "hili linathibitisha wimbi kubwa la uhamiaji kutoka Omani", niliiweka karatasi chini nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, kabla hujazaliwa.

Nilikuwa chuo cha ualimu, Unguja. Mwalimu aliipa insha ile alama za juu na pembeni akaandika kwamba nimetumia takwimu vizuri. Nikaja nayo Pemba wakati wa likizo. Babu yako hukumuwahi, kwa hiyo nikwambie alivyokuwa: mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, hakukatizi. Nikamsomea barazani, baada ya alasiri, yeye akisokota kamba. Nilipomaliza akaniuliza, "Hao walioshuka majahazini, na mimi nimo?" Nikasema hapana baba, wewe si mzaliwa wa Mtambwe? Akasema, "Basi nitoe humo. Maana mwaka huo karani aliniandika Mwarabu."

Kisha akanihadithia. Karani alikuja asubuhi, na baba alikuwa amevaa kanzu kwa sababu palikuwa na maziko. Akaulizwa kabila, akajibu, akaandikwa Mwarabu. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, alikuwa pwani na madema yake. Alirudi na shuka kiunoni, magamba ya samaki mikononi, naye akaandikwa Mpemba. Ndugu wawili, nyumba moja, asubuhi moja, safu mbili za jedwali. Baba alicheka alipokuwa akisimulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemshusha baba yangu kwenye jahazi ambalo hakupata kulipanda, na nikapewa alama kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana wewe na dada zako mmenisikia nikisema tangu mko skuli: kabla ya namba, mtafute karani. Nani aliuliza, aliuliza neno gani, na aliyejibu alikuwa na nini cha kupata au kupoteza kwa jibu lake.

Sasa tuzifanyie kazi namba zako, tena kwa kalamu. Toa 18,884 katika 33,401, unabaki na watu 14,517. Ni karibu asilimia 77 katika miaka saba. Tujaalie Waarabu wa 1924 walizaliana kwa asilimia 2 kila mwaka, jambo ambalo kwa zama zile za malaria ni ukarimu mkubwa. Baada ya miaka saba wangefika kama 21,700. Bado kuna watu 11,700 hivi wasio na maelezo. Ukisema wote walihamia, unasema kila mwaka walibaki visiwani wageni zaidi ya 1,600, ukishatoa waliokuja na kaskazi wakaondoka na kusi. Je, mahali pengine katika insha yako unao ushahidi wa majahazi mengi kiasi hicho? Sijauona. Ulicho nacho ni jedwali, na jedwali halina safu ya mahali pa kuzaliwa. Bila safu hiyo, mgeni wa juzi kutoka Maskati na babu yako wa Mtambwe wamo ndani ya namba moja na hakuna wa kuwatenganisha.

Halafu telemsha macho mistari michache kwenye jedwali hilohilo. Walioandikwa Waswahili mwaka 1924 walikuwa makumi ya maelfu. Mwaka 1931 wamebaki elfu chache tu. Waswahili hawakufa kwa tauni, mwanangu, wala hawakuhama visiwa. Utumwa ulikuwa umefutwa kwa amri ya mwaka 1897, na wengi waliotoka utumwani, na watoto wao, walijiita Waswahili kwa sababu lilikuwa jina la mtu huru wa mjini. Muda ukapita, jina lenyewe likaanza kunuka utumwa. Watu wakaliacha wakachukua mengine: Mhadimu, Mtumbatu, Mpemba, Mshirazi. Jedwali lina mstari unaovimba na mstari unaosinyaa, nawe umenukuu unaovimba peke yake. Namba inayokupendeza mara nyingi ina mwenzake kwenye ukurasa uleule, na huyo mwenzake ndiye anayeiharibu hoja. Mtafute wewe kabla hajatafutwa na msahihishaji.

Lakini ngoja. Nisije nikakutoa shimo moja nikakutia jingine. Kwa miaka mingi baada ya hadithi ya baba niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba ongezeko lote lile ni la makarani na kanzu, na hilo nalo si kweli. Wamanga, Waarabu wageni kutoka Omani, walikuja. Walikuja kweli, na kaskazi, wakafungua viduka mashambani, wakachuma karafuu, wengine wakarudi kwao na wengine wakaoa huku wakazikwa huku. Wala huwezi kusema kwamba Waswahili waliotoweka ndio hao Waarabu walioongezeka. Wengi wao walihamia majina ya katikati, na wa majina ya katikati ndio baadhi yao waliopanda juu, kama baba. Walisogea wengi, kila mtu hatua yake, na jedwali linaonyesha walipokuwa mwaka 1924 na walipokuwa mwaka 1931. Njia waliyopita halioneshi. Kila nikidhani nimelimaliza jambo hili, linanirudia.

Kuna njia moja ya kujipima ambayo naipenda. Chukua sensa inayofuata. Mwaka 1931 watu wote wa Unguja na Pemba walikuwa 235,428, na mwaka 1948 walikuwa 264,162. Ni ongezeko la asilimia 12 katika miaka 17. Waarabu katika miaka hiyohiyo walitoka 33,401 wakafika 44,560, yaani theluthi moja zaidi. Wamekua haraka kuliko jumla, lakini kasi ile ya asilimia 77 kwa miaka saba imekwisha kabisa. Usiiweke namba ya kundi peke yake bila jumla yake pembeni. Ungeandika "Waarabu waliongezeka kwa 11,159", msomaji angeshtuka bure au angepita bure, kwa kuwa hana cha kupimia. Na mtafute karani wa 1948 pia. Alikuja baada ya vita, na wakati wa vita mgao wa chakula ulikwenda kwa kabila, nani apate mchele na nani apewe mahindi. Mtu aliyewahi kuulizwa kabila lake akiwa kwenye foleni ya mchele halijibu tena swali hilo kama alivyolijibu zamani.

Hilo la kubandika jedwali zima, jibu lake ni fupi. Jedwali likae nje ya aya, juu yake au chini yake, na kichwa chake kiseme mahali, mwaka na aliyehesabu. Ndani ya aya ingia na namba mbili au tatu, zile tu ambazo hoja haisimami bila ya hizo. Sentensi ya kwanza iwe yako, isiwe ya jedwali. Ukianza na "Kama jedwali linavyoonyesha" umempa karani usukani. Sema unachodai, kisha mwite shahidi, kisha useme ushahidi wake unaishia wapi. Hilo la mwisho ndilo wengi wanaloliacha. Wanaandika namba, wanaweka nukta, wanaruka aya nyingine, kana kwamba namba imeshajieleza.

Mimi ningeiandika hivi, uichukue au uiache:

"Kati ya 1924 na 1931 idadi ya Waarabu wa Unguja na Pemba ilibadilika kwa kuhama majina pamoja na kuhama nchi. Sensa iliandika 18,884 mwaka 1924 na 33,401 mwaka 1931, ongezeko la karibu asilimia 77 katika miaka saba. Uzazi wa kawaida haufikii kiasi hicho, na katika kipindi hichohicho idadi ya walioandikwa Waswahili iliporomoka. Kwa kuwa kabila lilitegemea kauli ya mtu mbele ya karani, sehemu ya ongezeko hili ni ya wenyeji waliojitaja upya. Jedwali peke yake halituwezeshi kujua sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani."

Angalia kwamba neno "linathibitisha" halimo. Jedwali lile linathibitisha jambo moja, kwamba karani aliandika hivyo. Yote mengine unayajengea wewe, na shahidi wa pili lazima aje: kumbukumbu za bandari kama utazipata, hati za mashamba, au wazee. Usiwadharau wazee, ila nao waulize kama unavyomuuliza karani. Baba mwenyewe alinihadithia asubuhi ile zaidi ya miaka hamsini baadaye, na mara nyingine aliposimulia, kanzu ilikuwa ya maziko, mara nyingine ya Ijumaa. Nilimuuliza mdogo wake kabla hajafariki. Alisema karani hakuja nyumbani kwao hata kidogo, walikwenda wao kwa sheha. Sasa nimwamini yupi? Mpaka leo sijui. Najua tu kwamba wote wawili walikubaliana juu ya yale majina mawili tofauti.

Umeniomba pia nikwambie kama hoja yako ya uhamiaji ni sahihi au umekosea. Nina jibu, unanijua, na nimeliandika hapa mara mbili nikalifuta. Silisemi. Insha ni yako, na nikilisema utaliandika kwa kuwa amelisema mama, nawe utakuwa umepata karani mwingine tu. Itafute kwanza safu ya mahali pa kuzaliwa, katika sensa yoyote ya visiwa utakayoikuta maktaba. Ukiipata, nipigie simu hata kama ni usiku.

Dada yako anakusalimu. Karafuu za huku zimeanza kuanikwa, jamvi la babu yako ndilo tulilolitandika uani.

Mama yako