Barua ya kudai bima duka likiungua

"Duka langu la nguo Kibuye, Kisumu, limeungua na daftari zote. Barua ya bima niiandikeje?"

Pole sana, dada. Juu kabisa weka nambari ya hati ya bima, kisha tarehe na saa ya moto. Kwenye hasara, taja kila aina ya nguo, idadi, na bei uliyonunulia. Ukiweka bei ya kuuzia, mkadiriaji wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima ataikata, maana bima ya moto ya kawaida hailipi faida.

Daftari zisikutie hofu. Waombe waliokuuzia mali nakala za risiti, na uchukue taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulivyowalipa. Ambatisha pamoja na abstrakti ya polisi, ripoti ya zimamoto na picha. Mabaki usiyatupe kabla mkadiriaji hajayaona, hata mwenye nyumba akikusukuma.

Tena angalia kiasi ulichokatia bima. Tuseme mali ilikuwa ya shilingi 800,000 nawe ukakatia 400,000. Ikiungua ya 300,000, kwa kawaida utalipwa 150,000, kwa kuwa ulikatia nusu tu. Hapo wengi hudhani wameibiwa. Lakini wewe dai hasara yote ya 300,000. Hesabu ya kupunguza waachie watu wa bima wenyewe.