Chumvi Umeitoa Mezani, Jikoni Je?

Wiki hii baba mmoja wa Kisumu ameniandikia. Naweka ujumbe wake hapa kwa ufupi, kwa sababu najua wanaume wengi wa rika letu wanajiuliza hayo hayo.

"Mwalimu, salamu. Nina miaka 54. Mapema mwaka huu nilipimwa presha ikawa 162 kwa 98, nikapewa amlodipini ya miligramu 5. Tangu hapo nadamka alfajiri natembea kutoka Milimani hadi Dunga na kurudi. Nikifika nyumbani najipima kwa mashine yangu, inasoma 126 kwa 80. Lakini nikienda kliniki mchana wananiambia 150 na zaidi. Mashine yao ni mbovu? Naweza kuacha dawa? Chumvi nimeacha kabisa, mezani haipo tena. Mama watoto anapika mboga za kienyeji, mrenda na kunde, na maharagwe. Nibadilishe nini kwa chakula?"

Mzee mwenzangu, dawa usiiache. Mashine ya kliniki usiitukane bado, maana tatizo linaweza kuwa ni saa unayojipima. Mtu akitoka kutembea, mishipa inakuwa imelegea na presha inashuka, na inaweza kukaa chini kwa saa kadhaa. Kwa hiyo hiyo 126 ni ya mtu aliyetoka Dunga sasa hivi. Ya mtu anayeshinda kazini na kulala hujaiona. Jipime kabla ya kutoka: umeshakojoa, hujanywa chai, hujameza dawa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuongea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati. Jioni urudie hivyo hivyo, kwa siku 7, yote ukiandika kwenye daftari. Wastani wa nyumbani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, presha bado haijashikika, hata kama baada ya matembezi inasoma vizuri. Ukiwa chini ya hapo na kliniki bado wanapata 150, basi huenda ni wewe unayepanda ukiona koti jeupe. Wapo wengi hivyo, na daftari ndilo litakalowasaidia kutofautisha. Matembezi endelea nayo, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Asubuhi mashine ikisoma 180 au zaidi, siku hiyo usitoke. Pumzika, rudia kipimo, na ikibaki hapo piga simu kliniki. Ikija pamoja na kifua kubana, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwa chakula, na hapa nina maneno mengi.

Unasema chumvi umeiacha. Umeacha kichupa cha mezani, na hongera. Lakini mrenda wako unalainishwa na nini? Maharagwe yako yanaiva haraka kwa nini? Kwetu Magharibi jibu ni moja: magadi. Hakuna anayeiita chumvi, kwa hiyo daktari akiuliza "unatumia chumvi nyingi?" tunajibu hapana kwa moyo safi. Lakini kinachosumbua presha kwenye chumvi ni sodiamu hasa, na magadi ni sodiamu tupu iliyoshikana na kaboneti. Gramu kwa gramu, ina takriban robo tatu ya sodiamu iliyo kwenye chumvi. Wapo wataalamu wanaosema sodiamu ya namna hiyo haipandishi presha kwa nguvu ile ile ya chumvi ya kawaida, na huenda ni kweli. Shida ni kwamba jikoni magadi haichukui nafasi ya chumvi. Inaingia kwanza, halafu chumvi inafuata, halafu kidonge cha supu ambacho karibu nusu yake ni chumvi.

Wanawake wetu hawaweki magadi kwa ubaya. Makaa ni ghali, na maharagwe makavu yanakula debe. Kwangu tulimaliza hilo kwa kuloweka maharagwe usiku kucha, tukamwaga yale maji na kuchemsha kwa maji mapya. Mrenda tunachuma majani machanga, tunachanganya na kunde, na unateleza wenyewe bila kulazimishwa. Managu tunayachemsha, tunamwaga maji machungu, tunaweka maziwa na kuacha yalale. Kesho yake hata mgeni haulizi chumvi.

Kuna wanaotumia musherekha, yale maji ya jivu la maganda ya maharagwe yaliyochujwa, wakisema ni ya asili. Humo kilichojaa ni potasiamu, na kwa mtu mwenye figo nzima si jambo baya. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza losatani, enalaprili au spironolaktoni, potasiamu inaweza kumlundikia mwilini hadi moyo uvurugike. Tahadhari ni hiyo hiyo kwa chumvi za dukani zinazouzwa kama "za watu wa presha". Wewe uko kwa amlodipini peke yake, lakini dawa hubadilishwa, kwa hiyo uliza kwanza.

Utajuaje mnakula kiasi gani? Mimi sipimi kwa kijiko, napima kwa pakiti. Siku pakiti ya nusu kilo inapofunguliwa, naiandika tarehe kwa kalamu ubavuni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Tuseme mko watu wazima 5 nyumbani: hiyo ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Ikiisha siku ya 10, kila mmoja wenu anakula maradufu, na hapo hujahesabu mkate wa asubuhi, kidonge cha supu na magadi. Kwa sababu ya hizo nyingine, mimi nataka pakiti ifike mwezi. Samaki wa ziwa akiwa mbichi hana shida, chumvi tunamwekea sisi. Mpake ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, uone.

Kwangu pakiti inafika mwezi na siku kadhaa, na nasema hivyo kwa majivuno. Daktari alinipunguzia dawa mwenyewe, sikumwomba. Lakini heshima haikuja nayo. Kwenye matanga moja kijijini niliomba nipakuliwe ugali na maziwa badala ya yale maharagwe, na ndugu yangu wa damu akasema mbele ya watu kwamba mshahara wa ualimu umenifanya mzungu. Walicheka. Mpaka leo hilo linaniuma, sitawadanganya.

Na nyinyi wanaume mnaoniandikia "mama watoto ndiye anapika", presha ni ya nani? Huwezi kumwachia mtu sufuria halafu uje kumlaumu kwa kilichomo. Ingia jikoni Jumamosi moja, shika ile mifuko, uliza kila unga mweupe unaitwaje na unawekwa lini. Lowesheni maharagwe pamoja. Ladha ikipoa msigombane, ulimi huchukua wiki chache kuzoea, na baadaye chakula cha hotelini ndicho kitakachokuchoma.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Milimani: daftari la siku 7, na tarehe kwenye pakiti. Nenda navyo kliniki, ueleze na habari ya magadi, kabla mtu yeyote hajagusa kipimo cha dawa yako.