Chandarua kina dawa lakini bado naumwa na mbu

"Nalala ndani ya chandarua chenye dawa, nachoma koili na kifaa cha umeme kipo. Asubuhi nina alama mkononi. Niongeze nini?"

Habari ndugu. Usiongeze kitu kwanza. Alama zikiwa upande mmoja wa mwili, kagua unavyolala: mkono ukigusa wavu, mbu anakuuma kupitia tundu akiwa nje. Chomeka pindo chini ya godoro pande zote, kisha mulika tochi kutoka ndani utafute matundu, hasa kwenye pembe.

Unakifuaje? Tumia sabuni laini na maji baridi, ukianike kivulini, maana jua na jiki huua dawa. Vyandarua vya dawa ya kudumu hukadiriwa kuhimili mifuo kama 20.

Halafu kuna hili: chandarua, koili na kifaa cha umeme kwa kawaida hutumia dawa za ukoo mmoja, pairethroidi. Mbu aliyezoea moja huenda akastahimili zote tatu, kwa hiyo kuzirundika hakusaidii sana. Koili ningeiacha kabisa chumbani. Moshi wake kwenye chumba kilichofungwa ni mzigo kwa mapafu. Kifaa nacho hakina kazi umeme ukikatika.

DEET, dawa ya kupaka kwenye ngozi, ni ya ukoo tofauti, inamfukuza mbu bila kumuua. Losheni ya asilimia 20 hadi 30 hukulinda saa kadhaa jioni, kabla hujaingia kitandani, muda ambao chandarua hakikusaidii. Ipake kwenye ngozi iliyo wazi tu, usiguse macho wala kidonda. Mtoto chini ya miezi 2 asipakwe.

Wavu ukiwa mzima na haukugusi lakini bado unaumwa, kagua godoro. Huenda ni kunguni.