Usisogeze klipu kwa sikio la Bluetooth

Kazi yangu ya tatu ya kulipwa ilikuwa video ya harusi, na niliiharibu kwa mkono wangu huku nikidhani naitengeneza. Mama wa bibi harusi alisimama kutoa nasaha, kamera ikamchukua kwa karibu, midomo inaonekana vizuri kabisa. Nilipokuwa nahariri usiku, hedifoni za Bluetooth masikioni ili nisiamshe watu, nikaona maneno yanachelewa nyuma ya midomo. Nikaivuta sauti ianze mapema kwa fremu tano, ikakaa sawasawa, nikafurahi. Nikafanya hivyo kwa hotuba zote. Mteja alipoiweka kwenye televisheni ya sebuleni, mama yule alikuwa anasikika kabla hajafungua mdomo.

Faili ya mwanzo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa njiani, kati ya kompyuta na sikio langu, na mimi nikaliingiza ndani ya kazi.

Sauti inayokwenda kwa waya hutoka kwenye kompyuta kama umeme na kufika kwenye spika ya sikioni papo hapo. Ya Bluetooth ina safari. Kwanza kompyuta huibana iwe ndogo, kwa sababu redio hiyo haina nafasi ya kuibeba ilivyo. Halafu huikata vipande na kuvirusha hewani kwenye masafa ya 2.4 GHz, masafa yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi na hata oveni ya maikrowevu. Vipande vingine hupotea na lazima virushwe upya. Hedifoni nazo, zikijua hilo, hazichezi kipande mara tu kinapofika. Huweka akiba kwanza, ili kimoja kikichelewa usisikie sauti inakatika. Mwisho huifungua sauti iliyobanwa na kuicheza. Akiba hiyo ndiyo hula sehemu kubwa ya muda. Kwa hedifoni za kawaida zinazobana sauti kwa kodeki ya SBC au AAC, safari nzima huchukua takriban milisekunde 150 hadi 250.

Video ya fremu 25 kwa sekunde ina milisekunde 40 kwa kila fremu. Kwa hiyo milisekunde 200 ni fremu tano, zilezile tano nilizosogeza. Ukitaka kuihisi bila hesabu, mtazame mtu anayepasua kuni akiwa mbali nawe kama mita 70: shoka linatua, halafu ndipo mlio unafika. Hedifoni za Bluetooth zinakukalisha umbali huo kutoka kwenye kazi yako.

Utaniuliza, mbona filamu kwenye simu inaonekana sawa kwa hedifoni hizohizo? Kwa sababu programu ya kuchezea hujua sauti itachelewa, ikaichelewesha na picha. Inaweza, maana wewe umekaa tu unatazama. Kwenye kuhariri unasimamisha, unarudi nyuma, unakata, unataka kuona fremu uliyopo sasa hivi, si ya tano iliyopita. Programu nyingi za kuhariri hukuonyesha fremu hiyo na kuiacha sauti ifike itakapofika.

Na kosa la kutangulia ni baya kuliko la kuchelewa. Tumezoea sauti kufika nyuma ya picha. Ndivyo dunia ilivyo, kama lile shoka. Sauti inayotangulia haipo popote. Mwongozo wa BT.1359 wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kwa watangazaji unaeleza kuwa watu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hawagundui hadi ifike kama 125. Mimi nilitanguliza 200. Hata bibi wa kiti cha nyuma aliona.

Kujua kama tatizo ni la hedifoni, usilitegemee sikio. Tafuta mahali pa kofi moja, au mlango unaofungwa kwa kishindo. Enda fremu kwa fremu mpaka viganja vikutane, kisha tazama wimbi la sauti kwenye mstari wa muda: kilele chake kipo kwenye fremu hiyo au hakipo? Kama kipo na bado unasikia kofi limechelewa, klipu ni nzima, usiiguse. Siku hizi ninapopokea kazi mpya huanzia hapo kabla sijasikiliza neno hata moja.

Kuna mtego mwingine ambao haukupi nafasi ya kutazama wimbi. Wengi hukata picha kwa mdundo: wimbo unacheza, wewe unabonyeza M kila ngoma inapopiga ili kuacha alama. Kidole kinafuata unachosikia, na unachosikia kimeshapita. Tuseme kilele cha ngoma kiko kwenye 00:00:12:10, yaani sekunde ya 12 na fremu 10. Alama yako itaangukia karibu na 00:00:12:15. Ukikata picha zote kwa alama hizo, video nzima itakuwa kama mchezaji anayechelewa mdundo, na hutajua sababu, kwa kuwa kwenye hedifoni zako inasikika barabara.

Dawa ni waya. Hedifoni za shilingi chache zenye pini ya milimita 3.5 zitakufaa kwa ulinganifu kuliko za bei kubwa zisizo na waya. Kompyuta haina tundu? Adapta ndogo ya USB-C inatosha. Hata kwa waya kuna kuchelewa kidogo ndani ya kompyuta yenyewe: ikikusanya sampuli 512 za sauti kabla ya kuzitoa, kwa kasi ya 48 kHz hiyo ni kama milisekunde 11. Ni sawa na kukaa mita tatu na ushee kutoka kwenye spika, na hakuna anayelalamika kwa hilo.

Ukishachomeka, hakikisha programu nayo imehama. Hapa wanafunzi wangu hukwama kila mara: waya umeingia, lakini sauti bado inatoka kwa Bluetooth iliyounganishwa asubuhi. Kwenye Premiere Pro angalia Preferences, sehemu ya Audio Hardware, kwenye Default Output. Mimi huizima Bluetooth kabisa nikianza kazi, naona ni rahisi zaidi.

Usijaribu kuipima Bluetooth mara moja halafu utoe fremu hizo kichwani kila siku. Kiasi hubadilika kati ya hedifoni na hedifoni, na hata kati ya muunganisho wa leo na wa kesho. Zipo kodeki za haraka, aptX Low Latency hushuka hadi kama milisekunde 40, ila kompyuta na hedifoni zote mbili ziwe nayo. Upande mmoja ukiikosa mnarudi kwenye SBC bila kuambiwa.

Waya nao hautibu kila kitu. Ukisikiliza kwa waya na midomo bado haikubaliani, sasa tatizo liko kwenye faili. Tazama mwanzo wa klipu, kisha dakika ya ishirini. Pengo likiwa lilelile, sauti ilipangwa vibaya na unaweza kuisogeza kwa amani. Likiwa linakua kadiri video inavyokwenda, mara nyingi picha imetoka kwenye simu inayobadilisha idadi ya fremu kwa sekunde, na kusogeza hakutasaidia: badilisha faili iwe ya fremu thabiti kwanza, ndipo uanze kukata.