Hotuba ya mpambe wa bwana harusi: kumbukumbu moja, utani mmoja

Mimi na bwana harusi tumekua pamoja. Nina kumbukumbu mbili: siku tulipopotea tukitafuta mpira, na kipindi nilipovunjika mkono akawa ananibebea begi la shule. Nisimulie zote mbili?

Simulia moja tu, nayo iwe ya begi. Kisa cha kupotea kitawachekesha wale mliokuwa nao siku ile, lakini ukikitazama vizuri utaona bwana harusi hafanyi chochote ndani yake. Mambo yanamtokea tu. Kwenye kisa cha begi anatenda jambo bila kuombwa, na bibi harusi akilisikia atamtambua mtu anayemfahamu. Hicho ndicho kipimo cha kumbukumbu ya harusini: ukimaliza kuisimulia, je, unaweza kuongeza kwa haki kabisa kwamba hadi leo yuko vilevile? Ukisita kulijibu hilo, tafuta kumbukumbu nyingine.

Wengi huiharibu kumbukumbu nzuri kwa kuanzia mbali mno. Wanataja shule, mtaa, mwalimu wa darasa, na marafiki watano ambao nusu ya ukumbi haiwajui. Msikilizaji anahitaji kujua mlikuwa na umri gani, shida ilikuwa nini, na mwenzako alifanya nini. Juu ya hayo mpe kitu kimoja anachoweza kukiona kwa macho ya akili. Hivi, kwa mfano:

“Tukiwa na miaka tisa nilivunjika mkono wa kulia. Siku ya kwanza ya kurudi shule nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje. Hakusema kitu. Alichukua begi langu akalitundika bega moja, lake likiwa bega la pili, tukaondoka. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka plasta ikatolewa.”

Hapo hakuna neno “mkarimu” wala “mwaminifu”. Usiyaongeze. Mabegi mawili kwenye mabega ya mtoto mmoja yameshasema, na ukija kufafanua maana yake unawanyima wageni nafasi ya kuigundua wenyewe. Kama kisa chako ni kingine, tafuta mabegi yako mawili: kitu kilichoshikwa, kilichovaliwa au kilichobebwa. Usikumbuke hisia tu, kumbuka mikono yake ilikuwa inafanya nini.

Utani niuweke wapi? Na nitajuaje kama hautamuudhi mtu?

Uweke mara tu kumbukumbu inapoisha, kabla hujamgeukia bibi harusi. Ukianza na utani, wageni watadhani umesimama kuwachekesha na watangoja mwingine, kisha kumbukumbu yako itasikilizwa nusunusu. Ukiuweka mwishoni kabisa, utawaambia watu wanyanyue glasi huku bado wanacheka, na maneno ya heri yatapotea. Pale katikati unafanya kazi nzuri: unalegeza vifua baada ya jambo lililogusa, halafu unaacha nafasi ya kurudi kwenye upole.

Utani bora hutoka ndani ya kisa kilekile, kwa hiyo hauhitaji maelezo mapya. Tukiendelea na begi:

“Jambo moja sijalielewa hadi leo. Begi lilifika shuleni salama kila siku, lakini chakula changu cha mchana hakikufika hata siku moja.”

Angalia maneno “hata siku moja” yalivyokaa mwisho. Kichekesho kimelala hapo, na baada yake hakuna neno jingine. Ungesema “hata siku moja hakikufika shuleni chakula changu kilichokuwa ndani ya begi,” maana ni ileile, lakini kicheko kingetoka mapema na kufunikwa na maneno yanayofuata. Ukishalitamka neno la mwisho, nyamaza. Hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo. Wakicheka, subiri kicheko kianze kushuka ndipo uendelee. Wasipocheka, endelea kwa sauti ileile na usiufafanue. Utani wa sentensi mbili usiochekesha haumuumizi mtu, ndiyo maana unatakiwa uwe mfupi.

Kuhusu mipaka, utani uguse kosa dogo la utotoni ambalo yeye mwenyewe hulisimulia akicheka. Wapenzi wa zamani, pesa, maumbile ya mwili, ulevi na siri yoyote uliyoambiwa mkiwa wawili havina nafasi hapa. Bibi harusi naye usimtanie kabisa, kwani ndugu zake wengi hawakujui na hawawezi kupima nia yako. Siku chache kabla, msomee sentensi hizo mbili ndugu mmoja wa bwana harusi na mtu mmoja asiyemfahamu kabisa. Yule ndugu akikunja uso, uondoe. Yule mgeni akiuliza “kwa hiyo?”, kisa chako kimeacha jambo ambalo utani unalihitaji.

Nikishachekesha, narudije kwenye uzito bila kuonekana nimeruka?

Kwa kurudia kitu kilekile cha kwenye kisa, safari hii bibi harusi akiwemo. Sentensi moja inatosha: “Bado anabeba mizigo bila kuombwa, na tangu alipokutana na wewe, dada, nimemwona pia akikubali kubebewa yake.” Mtazame bibi harusi unapoisema. Maneno “tangu alipokutana na wewe” yawe na ukweli uliouona mwenyewe. Kama huna cha kweli cha kusema, muulize bwana harusi mapema ni nini kimebadilika kwake.

Hotuba iwe na urefu gani?

Dakika tatu, nne zikizidi. Kwa mwendo wa kusikika vizuri ukumbini, kadiria maneno 100 kwa dakika, hivyo andika kati ya 300 na 350 ili vicheko na makofi vipate nafasi. Jipime ukisoma kwa sauti na umesimama, kwa sababu macho husoma haraka kuliko mdomo.

Naogopa sauti itakatika nikifika pale pagumu. Nifanyeje?

Mahali penyewe utapajua unapofanya mazoezi, kwa sababu koo hubana kwenye sentensi ileile kila mara. Ipige mstari, kisha uikate iwe fupi, maana sentensi ndefu hukumaliza pumzi na sauti hukatika pumzi inapoisha. Ukifika hapo ukumbini, toa pumzi yote kwanza, vuta nyingine, ndipo useme. Kimya hicho kwako kitakuwa kirefu, kwa wageni ni cha kawaida.

Andika kwenye kadi mbili ngumu kwa herufi kubwa, usisome kwenye simu. Skrini huzimika katikati ya sentensi, na kidole kinachotetemeka hufungua ukurasa usioutaka.

Namaliziaje? Nimeona watu wanabaki hawajui kama wasimame au wakae.

Huwa hivyo kwa sababu msemaji hutamka maneno ya heri kwanza, ndipo akumbuke kuwaomba wasimame. Kabla hujaitwa, hakikisha kila meza ina kinywaji, cha aina yoyote. Shika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto na uache glasi mezani hadi mwisho. Ukimaliza sentensi ya bibi harusi, sema: “Naomba tusimame.” Ngoja viti vinyamaze. Nyanyua glasi yako, ili wakufuate kwa macho, kisha taja majina mawili ya maharusi na maneno machache ambayo ukumbi mzima unaweza kuyarudia kwa pamoja, kama “Heri na maisha marefu.” Kunywa, weka kadi mfukoni, nenda ukawakumbatie.