Saa 4 za idara ya dharura

"Mwanasosholojia Max Weber aliuona urasimu kama kizimba cha chuma. Hospitali inakuwaje kizimba ikiwa kila mtu anafuata utaratibu?"

Ndugu, utaratibu ndio nondo zenyewe. Katikati ya miaka ya 2000, hospitali za umma Uingereza zilitakiwa kuhakikisha asilimia 98 ya wagonjwa wa dharura wamelazwa, wamehamishwa au wameruhusiwa ndani ya saa 4 tangu wafike. Kusubiri kulipungua kweli, tusiwaonee. Lakini ukichora grafu ya muda wa kuondoka, mstari unapanda ghafla dakika chache kabla ya saa 4 hizo kutimia, kisha unaporomoka. Ugonjwa hauna saa. Namba ndiyo inayoamua nani ashughulikiwe sasa. Aliyepitiliza saa 4 tayari ameharibu hesabu, hivyo kumharakisha hakuipi ripoti chochote. Daktari huliona hilo, ila anapimwa kwa namba ileile.